Duka la Rafiki Limefungwa: Umwandikie Nini?

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, soko la Karume jijini Dar es Salaam liliungua. Miezi sita kabla yake, usiku wa tarehe 10 Julai 2021, moto ulikuwa umeteketeza soko kuu la Kariakoo. Msiba wa namna hiyo haumpi mtu kazi ya kuueleza. Kamera zinafika, viongozi wanafika, ndugu wa mikoani wanapiga simu moshi ukiwa bado unafuka, na mfanyabiashara aliyepoteza mtaji wake anapewa pole hata na abiria mwenzake kwenye daladala.

Biashara nyingi hazifi kwa moto. Mwenye duka anaanza kwa kuacha kuagiza bidhaa fulani. Halafu anamwachisha kazi kijana aliyekuwa akimsaidia. Anafungua saa nne badala ya saa mbili. Siku moja geti linateremshwa na halipandishwi tena, na baada ya wiki moja mwenye nyumba anapaka maandishi ukutani: "Fremu inapangishwa", na namba ya simu chini yake. Majirani wanaona, wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, kisha wanazoea. Marafiki nao wanafungua WhatsApp, wanaandika "Pole", wanafuta, wanaandika tena, halafu wanaahirisha hadi kesho. Hawana ubaya wowote, ila hawajui waseme nini.

Na hili si jambo la nadra. Utafiti wa Shirika la Takwimu la Kenya uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba biashara ndogo na za kati milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa nchini humo katika muda wa miaka mitano. Karibu kila mtu mwenye simu mjini atawahi kuwa na rafiki wa kumwandikia ujumbe huu, lakini ni wachache wanaofikiria mapema utakuwaje.

Mmoja aliyelifikiria kwa kina ni Dean Shepherd, msomi wa masuala ya biashara. Baba yake aliendesha biashara ya familia hadi ikabidi ifungwe, na mwana akamshuhudia akipita kwenye ganzi, hasira na kujilaumu, mambo ambayo kwa kawaida tunayahusisha na kufiwa. Mwaka 2003 Shepherd aliandika makala ya kitaaluma iliyosema waziwazi kwamba mtu aliyejiajiri akipoteza biashara anaomboleza, na kwamba maombolezo hayo yanaweza kumzuia kwa muda asione kilichoiangusha biashara yake. Hapo alitumia wazo la watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliokuwa wameeleza mwaka 1999 kwamba mfiwa hasongi mbele kwa mstari mmoja. Leo anaitazama hasara yake, anaizungumza, anaililia. Kesho anaiweka pembeni na kushughulikia mambo ya kawaida: ada, chakula, safari ya benki. Kesho kutwa anairudia. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya, na anayemsukuma akae upande mmoja tu anamkwamisha.

Nadharia hii ina faida kubwa kwa mwandika ujumbe, kwani inamwonyesha kwamba rafiki yake anahitaji milango miwili. Mmoja ni wa kuzungumza atakapotaka, na mwingine ni wa kunyamaza na kufanya kazi nyingine. Ujumbe mzuri unaiacha yote wazi.

Kuna jambo la pili, nalo linaeleza kwa nini mfiwa wa duka anakaa peke yake. Mmarekani Kenneth Doka aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui, ile isiyo na matanga, isiyo na siku ya tatu, isiyompa mtu ruhusa ya kukaa chini na kupokea wageni. Fremu ikifungwa, hakuna jamvi linalotandikwa. Isitoshe, watu wanahisi kwamba hasara ya biashara ina mkosaji, na kwamba mkosaji ni mwenyewe. Ndiyo maana pole nyingi za namna hii zina harufu ya hukumu hata pale anayezituma hajakusudia.

Mfano ufuatao ni wa kutunga, ingawa vipande vyake mkazi yeyote wa Dar es Salaam atavitambua. Mwanamke mmoja wa Mbagala alikuwa na steshenari karibu na shule ya sekondari kwa miaka minne. Ndani mlikuwa na mashine ya fotokopi iliyonunuliwa mtumba Kariakoo, kompyuta moja, printa ya picha za pasipoti, mashine ya laminesheni, na kabati la kioo lenye madaftari, bahasha na kalamu. Kodi ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba, kama wengi wa mjini, alitaka miezi sita kwa mkupuo. Hizo ni shilingi 900,000 za kutolewa siku moja. Kwa fotokopi ya shilingi 100 kwa ukurasa, kodi hiyo peke yake ni kurasa 9,000, kabla hajanunua karatasi, wino wala umeme.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, ngoma ya mashine ya fotokopi iliharibika, na kodi nayo ikadaiwa mwezi huohuo. Alikopa kwa wale wanaoitwa mtaani "kausha damu", mkopo wa haraka wenye marejesho ya kila wiki. Mashine ikapona, lakini wateja walikuwa likizo. Shule zilipofunguliwa, kila kilichoingia kilikwenda kwenye marejesho, karatasi zikawa zinanunuliwa rimu moja moja kwa bei ya rejareja, na kodi ya awamu iliyofuata ilipofika hakuwa nayo.

Huyu amepoteza kipato, hilo kila mtu analiona. Lakini mtaa mzima ulimwita "mama steshenari", na jina hilo sasa kila likitamkwa linamchoma. Amepoteza mahali pa kwenda kila asubuhi. Amepoteza pia kazi ambayo haikuandikwa kwenye leseni. Ni yeye aliyewajazia vijana maombi ya mkopo wa elimu ya juu mtandaoni, akawanyooshea barua za kuomba kazi, akamsomea mzee fulani ujumbe wa mafao yake. Rafiki anayetaka kumwandikia anapaswa kuvijua vitu hivi, kwa sababu ndimo ujumbe unamotoka.

Sasa tazama ujumbe ambao wengi wangeutuma:

"Pole sana shoga yangu, nimesikia umefunga duka. Kwani tatizo lilikuwa nini? Si nilikwambia ule mkopo utakuumiza? Ila usijali, Mungu ana makusudi yake, utafungua kubwa kuliko lile. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukiwa na shida yoyote niambie."

Aliyeandika hivi anampenda rafiki yake, na hakuna sentensi hata moja aliyoitunga kwa nia mbaya. Tatizo liko kwenye kazi ambayo kila sentensi inampa msomaji. "Tatizo lilikuwa nini" inamtaka atoe maelezo, na maelezo hayo ameshayatoa kwa mume, kwa mwenye nyumba, kwa ofisa mikopo na kwa nafsi yake usiku wa manane. "Si nilikwambia" inamweka kizimbani. "Utafungua kubwa" inamrukisha hasara ambayo bado hajaitazama, na inamdai matumaini siku ambayo hana. Methali ya koleo ni ya kweli, na huenda siku moja ataitumia mwenyewe akicheka, lakini ikitoka kwa mtu ambaye koleo lake bado zima, wiki ya kwanza, inasikika kama amri ya kunyanyuka. Maneno ya imani nayo yanategemea anayeyasema. Kumwombea mtu subira ni tofauti kabisa na kumtafsiria makusudi ya Mungu kuhusu marejesho yake ya Ijumaa.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoonekana ya upole kuliko zote, na ndiyo isiyozaa kitu. Mtu aliyetoka kuomba mkopo, akaomba kuongezewa muda, akaomba kupunguziwa kodi, hana nguvu ya kuomba tena. "Ukiwa na shida yoyote niambie" inamrudishia kazi ileile ya kuomba. Hatakwambia.

Ujumbe ufuatao unatoka kwa rafiki yuleyule baada ya kukaa na kufikiri:

"Habari za leo shoga yangu. Jana nilipita steshenari nikakuta pamefungwa, mdogo wako akanieleza. Pole sana, nimeumia. Miaka minne pale si mchezo, na fomu za mkopo za mwanangu ulizijaza wewe, tukakesha hadi mtandao ukakubali. Sijasahau. Si lazima unijibu wala unieleze chochote. Jumamosi asubuhi nina nafasi na kaka amenipa kirikuu yake. Tukuhamishie vitu vilivyobaki kwenye fremu? Ukiona haifai, niandikie tu 'bado'. Na kwenye daftari lako nilikuwa nadaiwa 18,500, nimekutumia sasa hivi."

Ujumbe huu umeanza kwa salamu, kama mtu mwenye adabu anavyobisha hodi. Umesema habari zilifikaje, jambo dogo lenye uzito, maana aliyefunga duka mara nyingi anakesha akiwaza nani anasema nini na wapi. Umeitaja hasara kwa jina lake na kwa muda wake. Kisha umetoa kumbukumbu moja ya kweli ambayo mtu mwingine asingeweza kuiandika, na hiyo ndiyo sentensi atakayoirudia kusoma. Pole inayoweza kutumwa kwa mwenye saluni, mwenye banda la chipsi na mwenye duka la vipuri bila kubadilishwa neno bado haijamfikia mtu.

Umetoa pia msaada wenye siku, saa na chombo. Fremu ina tarehe ya kukabidhiwa. Kabati la kioo halibebeki kichwani, na mashine ya fotokopi inahitaji watu wawili na gari. Anachotakiwa kufanya rafiki ni kukubali au kuandika neno moja la kukataa, na neno hilo ameshapewa.

Halafu kuna ile 18,500, ambayo inastahili kuzungumzwa peke yake.

Maduka mengi ya mtaani yanaendeshwa kwa daftari. Jirani anachukua kalamu na madaftari ya watoto, anasema "niandike", anaandikwa. Fedha hizo zikijumlishwa zinaweza kuwa kodi ya mwezi au mbili, na wadaiwa ndio haohao wanaoleta pole. Mwenye duka anajua nani anadaiwa, tena anajua kwa shilingi. Anaposoma "tuko pamoja" kutoka kwa mtu mwenye deni la tangu mwaka jana, anasoma kitu kingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, rafiki ajiulize kama jina lake limo. Likiwemo, alipe, na alitaje kwa kifupi bila kuomba shukrani. Asipoweza kulipa lote, atume sehemu na kusema lini atamalizia.

Mambo yakiwa kinyume, yaani aliyefunga duka ndiye anayekudai wewe umpe nafasi kwa sababu alikukopa, ukimya ni mbaya zaidi. Atakwepa simu zako akidhani kila pole ni utangulizi wa madai. Heri kusema wazi: "Ile hela yangu tusiizungumze mpaka mwezi wa kumi." Asiyeweza kusubiri, kwa mfano mwanachama mwenzake wa kikoba aliyemdhamini na sasa anabeba marejesho yake, asiichanganye pole na madai katika ujumbe mmoja. Pole itumwe leo. Hesabu zizungumzwe siku nyingine, ana kwa ana, na karatasi iwepo.

Pa kutumia ujumbe nako kuna adabu zake. Kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja si mahali pa kutangaza kwamba fulani amefunga, hata kwa nia ya kumchangia, mpaka mwenyewe aridhie. Ujumbe wa maandishi una faida moja juu ya simu: mtu anaupokea akiwa analia na hakuna anayemsikia. Ujumbe wa sauti unafaa kwa marafiki waliozoeana, usizidi dakika moja, na usirekodiwe ukiwa sokoni kwenye kelele. Mkubwa kwa umri aanziwe kwa shikamoo kama siku zote, kwa kuwa hasara haijamshusha cheo. Fundi gereji wa miaka sitini aliyefunga karakana hapaswi kupokea "pole mzee, jikaze" kutoka kwa kijana aliyemfundisha kazi. Anachostahili kusikia kutoka kwa kijana huyo ni kwamba spana anayoishika leo alionyeshwa na yeye namna ya kuishika. Wanaume wa rika moja nao wana kawaida ya kufunika mambo kwa utani, na utani unaruhusiwa, ila auanzishe mwenye msiba.

Majibu huwa ya aina nyingi. La kawaida kuliko yote ni kimya, na kimya cha wiki nzima hakina maana kwamba ujumbe umekosewa. Usiulize kama ameuona. Jibu jingine ni ujumbe mrefu wa kujilaumu: "Mjinga ni mimi, nani alinituma nichukue ule mkopo." Hapa wengi hukimbilia kukanusha, "hapana, hukukosea", naye anajua kwamba alikosea kidogo, kwa hiyo anaona hasikilizwi. Wengine huona mlango umefunguka na kuingia na somo la fedha. Jibu linalomfaa linarudisha picha nzima ya siku ile: "Mashine ilikuwa imekufa, mwenye nyumba yuko mlangoni, na ulikuwa na siku chache tu za kuamua. Nimekuelewa." Kosa halijafutwa, ila sasa limesimama katikati ya mazingira yake.

Kuna dalili moja ambayo haijibiwi kwa maandishi. Rafiki akiandika kwamba ni bora asingekuwepo, au anagawa vitu vyake vya thamani na kuaga isivyo kawaida, au simu imezimwa huku wakopeshaji wakimtafuta hadi nyumbani, nenda ukamwone siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Aibu ya deni imewahi kuwafikisha watu pabaya, na familia au mhudumu wa afya anapaswa kujua.

Ujumbe wa pili, wa wiki mbili au tatu baadaye, una nafasi kubwa ya kusaidia kuliko wa kwanza, kwa sababu wakati huo wengine wameshasahau. Kufunga biashara kuna kazi zake, na kazi hizo zinaangukia mtu aliyechoka. Mashine inauzwa, na wanunuzi wanaojua kwamba muuzaji amefilisika hufika na bei ya kumkomoa. Rafiki anaweza kupita Kariakoo, akauliza mashine za aina ile za mtumba zinauzwaje, akamtumia bei hizo, au akasimama yeye kama muuzaji. Kama miezi ya kodi imebaki, kuna uwezekano wa kumpata mtu wa kuipokea fremu na kumrudishia fedha kidogo, mwenye nyumba akikubali. Mkataba usomwe kwanza.

Kazi nyingine inayosahaulika ni ya kodi ya serikali. Mfanyabiashara mdogo wa Tanzania hukadiriwa kodi ya mwaka na kuilipa kwa awamu za robo mwaka. Duka likifungwa bila TRA kuarifiwa, mfumo hauwezi kujua kwamba geti limeshushwa, na madai yanaweza kuendelea kujikusanya kwenye namba yake ya mlipakodi hadi siku atakapotaka kuanza tena. Barua ya kuarifu si ndefu, lakini kuiandika ni kuweka sahihi kwamba mambo yamekwisha, na wengi huikwepa kwa miezi. "Jumanne naenda upande wa ofisi za TRA, twende pamoja na ile barua?" ni ujumbe wa maneno machache unaofanya kazi kubwa.

Ujumbe wa tatu unategemea kalenda ya biashara yenyewe. Kwa mwenye steshenari ni Januari, shule zinapofunguliwa na foleni ya madaftari kufika barabarani. Kwa mshona nguo ni wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi. Siku hizo, "Nimekukumbuka leo, uko salama?" inatosha.

Ikitokea siku hiyo au nyingine akauliza mwenyewe, "Hivi, ungekuwa wewe ungefungua tena?", basi lile swali lililokatazwa wiki ya kwanza limepata wakati wake. Sasa unaweza kukaa naye na daftari. Zile kurasa 9,000 za kodi ya miezi sita zilikuwa zinapatikana kwa wiki ngapi shule ikiwa wazi, na kwa wiki ngapi wakati wa likizo? Mwenye nyumba mwingine atakubali miezi mitatu? Mashine ikikaa barazani nyumbani, wanafunzi watafika? Na fedha ya ngoma mpya itatengwa wapi, kabla haijaharibika?